Mbio za Kupokezana za Kutenganisha Taka: Mwongozo kwa Walimu na Walezi wa Watoto wa Miaka 10 hadi 13

Mchezo unaoelezwa hapa unahitaji uwanja, matenga yenye lebo na taka safi za kawaida zinazotoka nyumbani na jikoni kwa shule. Kila mtoto huchukua kitu kimoja bila kukichagua, hukimbia nacho hadi kwenye matenga matatu, huamua kama kitu hicho kinaweza kutumika tena, kinafaa kuwa mboji, au ni cha kutupa, kisha hurudi kumgusa mwenzake kiganja ili naye aondoke. Watoto wadogo hutosheka na kukimbia na kuweka. Watoto wa umri huu wanaweza kutoa sababu ya uamuzi wao, na kwa hiyo mwongozo huu unatoa muda mrefu zaidi kwa ukaguzi wa matenga baada ya mbio kuliko kwa mbio zenyewe. Mbio humfanya mtoto aamue haraka, na uamuzi wa haraka ndio unaoonyesha kile anachokiamini kweli kuhusu taka. Ukaguzi ndio unaombadilisha.

Nimechukua mfano wa watoto 24 waliogawanywa katika timu 4 za watoto 6. Darasa likiwa kubwa, kama yalivyo mengi, nusu moja ikimbie wakati nusu nyingine ikifanya kazi ya lundo la mboji pamoja na mwalimu mwingine, mahali ambapo haioni uwanja, kisha zibadilishane.

Hatua ya kwanza: kukusanya vitu

Andaa vitu 18 kwa kila timu, na timu zote zipate vitu vya aina zilezile ili ushindani uwe wa haki. Usivigawe sawasawa kwa matenga, yaani sita, sita na sita, kwa sababu watoto wa umri huu huhesabu haraka na wataanza kukisia kwa hesabu badala ya kukiangalia kitu kilicho mkononi. Mgawanyo unaofaa ni vitu 7 vya kutumika tena, 6 vya mboji na 5 vya kutupa, na idadi hizi zibaki siri ya mwalimu mpaka mwisho.

Kwa tenga la kutumika tena, tafuta chupa ya maji yenye kifuniko chake, kopo tupu la maziwa ya unga, karatasi iliyoandikwa upande mmoja tu, kiroba cha unga, fulana iliyochanika, boksi na kifuu cha nazi. Kwa tenga la mboji, tafuta ganda la ndizi, majani ya mchicha yaliyonyauka, majani makavu ya mwembe, maganda ya mayai, machicha ya nazi na majani ya chai yaliyochujwa. Kwa tenga la kutupa, tafuta pakiti tupu ya bisikuti, mrija wa juisi, kalamu iliyoisha wino, kikombe cha karatasi cha kunywea chai na kandambili iliyokatika. Ikiwa shule yako iko mbali na pwani na nazi ni adimu, weka gunzi la mahindi mahali pa kifuu na pumba mahali pa machicha.

Vitu viwili vya mwisho katika orodha ya kutupa, kikombe na kandambili, vimewekwa kwa makusudi, na nitavirudia kwenye ukaguzi. Mchezo usio na kitu hata kimoja cha kubishaniwa humalizika bila mtoto kujifunza zaidi ya kile alichokuja nacho.

Osha vitu vyote visivyo vya mboji siku moja kabla na uvianike vikauke. Vitu vya mboji vikusanywe asubuhi ileile, kwa maana machicha yaliyolala usiku kucha huchacha, na mtoto anayeziba pua hawezi kufikiri juu ya kingine chochote. Pitisha kidole kwa uangalifu kwenye mdomo wa kila kopo, na likiwa na ncha kali ligonge kwa nyundo mpaka lilale au uufunike kwa utepe wa gundi. Vioo vilivyovunjika, nyembe, sindano, betri, balbu, vifungashio vya dawa na chupa za dawa za wadudu visiingie kabisa mchezoni, hata vikiwa vimeoshwa. Hivi utavionyesha mwenyewe mwishoni, vikiwa ndani ya ndoo yenye mfuniko, na hakuna mtoto atakayevishika.

Vibebe vitu hivi kwenye viroba au vikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini Tanzania tangu Juni 1, 2019, na Kenya tangu Agosti 28, 2017, kwa hiyo haifai kuonekana mikononi mwa mwalimu anayefundisha somo hili.

Hatua ya pili: matenga na lebo

Kila timu inahitaji matenga matatu, na kwa timu nne hayo ni 12. Matenga ya nyanya yaliyochakaa yanafaa sana kwa sababu ni mapana na hayaanguki kitu kinapotumbukizwa, lakini ndoo au maboksi makubwa yatafanya kazi vilevile ilimradi vyombo vya timu zote vifanane.

Lebo zikatwe kwenye boksi gumu, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 20, na maandishi yawe makubwa kiasi cha kusomeka kutoka mstari wa kuanzia: TUMIA TENA, MBOJI, TUPA. Chini ya neno chora picha: chupa yenye mche uliooteshwa ndani yake, jani, na pipa. Usitegemee rangi peke yake. Wapo watoto wasiotofautisha nyekundu na kijani, wengi wao wavulana, na baadhi yao hawajui kuwa wana hali hiyo. Mtoto kama huyo ataonekana mzembe mbele ya wenzake ilhali kosa ni la lebo.

Chini ya picha ongeza swali moja fupi. Kwenye tenga la kwanza andika, “Je, bado kina kazi?” Kwenye la pili andika, “Je, kilitoka shambani au jikoni, na kitaoza?” Kwenye la tatu usiandike swali lolote. Utaratibu huu unamfundisha mtoto mfuatano wa kufikiri: huuliza swali la kwanza kabla ya la pili, na hufika kwenye tenga la kutupa pale tu ambapo majibu yote mawili ni hapana. Kifuu cha nazi ni mfano mzuri. Kitaoza, lakini baada ya muda mrefu mno, na kabla ya hapo kinaweza kuwa upawa, kibebeo cha miche au kuni, hivyo swali la kwanza linakishika kabla hakijafika la pili. Maganda ya mayai nayo hayaozi kwa urahisi kama mboga, bali yakipondwa huchanganyika na mboji vizuri.

Hatua ya tatu: kupanga uwanja

Chora mstari wa kuanzia kwa majivu au chokaa, na kwenye mstari huo weka gunia moja lililofungwa mdomo nusu kwa kila timu, likiwa na vitu 18 ndani. Mtoto atatumbukiza mkono na kutoa cha kwanza anachokigusa. Vitu vikiwekwa wazi juu ya mkeka, hodari wa timu huchukua vyepesi na kuwaachia wengine vigumu, na aliye nyuma hupata nafasi ya kuuliza wenzake kabla zamu yake haijafika.

Tenga la TUMIA TENA na la MBOJI yawe mita 15 kutoka mstari wa kuanzia, yakiachana kwa mita mbili. Tenga la TUPA liwe mita 18, yaani hatua chache nyuma ya hayo mawili. Umbali huu mdogo una kazi. Mtoto mwenye shaka hukimbilia tenga la kutupa kwa sababu linaonekana kupokea kila kitu, na likiwa karibu kuliko mengine litajaa vitu vyote vilivyomshinda kufikiria. Likiwa mbali kidogo, kutupa kunagharimu jasho, na mtoto hujiuliza mara ya pili.

Chagua asubuhi kabla ya jua kuwa kali, kagua mashimo na mawe kwenye njia, na uache nafasi ya mita tatu kati ya timu na timu. Weka maji na sabuni karibu na uwanja tangu mwanzo, si baada ya mchezo kwisha.

Hatua ya nne: kanuni na alama

Soma kanuni kwa sauti, kisha mtoto mmoja aonyeshe mzunguko mzima kwa mwendo wa kutembea. Kitu hukabidhiwa tenga kwa mkono na hakirushwi. Aliyekwisha kukiweka harudi kukibadilisha. Wenzake walio kwenye foleni hawasemi lolote wakati mkimbiaji yuko mbele ya matenga, na anayepaza sauti huiongezea timu yake sekunde tano. Anayefuata haondoki mpaka aguswe kiganja. Kila mtoto hukimbia mara tatu, na hivyo vitu 18 huisha.

Mwamuzi wa kila timu awe mtu mzima au mtoto wa darasa la juu mwenye saa au simu ya kuhesabu sekunde. Kazi yake ni muda tu. Hasemi kama kitu kimewekwa sawa au la, na hata uso wake usitoe jibu.

Alama hutolewa hivi: chukua muda wa timu kwa sekunde, kisha ongeza sekunde 10 kwa kila kitu kilichowekwa pasipo mahali pake. Timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoongoza. Tuseme timu ya Mwembe imemaliza kwa sekunde 210, na ukaguzi ukagundua makosa 6. Jumla yake ni 210 na 60, yaani 270. Timu ya Mkorosho imemaliza kwa sekunde 240 lakini ina makosa 2 tu, kwa hiyo jumla yake ni 260, na imeipita timu iliyoitangulia kwa nusu dakika uwanjani. Nusu hiyo ya dakika ilitumika kusimama mbele ya matenga na kufikiri, na watoto wanapaswa kuonyeshwa hesabu hiyo ubaoni, tarakimu kwa tarakimu.

Adhabu ya sekunde 10 haikuchaguliwa kiholela. Mtoto anahitaji sekunde tatu au nne kusoma lebo na kujiuliza. Adhabu ikiwa ndogo kuliko muda huo, kukisia kunalipa kuliko kufikiri, na wepesi wa miguu utashinda kila mara. Ukiona timu zinaweka vitu bila hata kupunguza mwendo, ipandishe hadi 15 katika mzunguko unaofuata.

Hatua ya tano: ukaguzi wa matenga

Tenga hapa muda wa dakika 30 angalau, mahali penye kivuli. Kila timu ikae kuzunguka matenga ya timu nyingine, si yake, kwa sababu mtoto huona kosa la mwenzake upesi na hulitetea lake kwa muda mrefu. Vitu hutolewa kimoja kimoja na kuwekwa juu ya mkeka, na anayekitoa hutamka sentensi moja yenye neno “kwa sababu”. Kwa mfano: “Majani ya chai yako mahali pake kwa sababu ni mmea na hayana mafuta.” Akishindwa kutoa sababu, kitu husogezwa pembeni na kuwa cha mjadala, hata kama kiliwekwa sawa. Anayepatia kwa kubahatisha hajajua bado.

Vitu vya mjadala ndivyo vyenye faida kubwa, na vitatu kati yake vinahitaji mwalimu ajiandae.

Cha kwanza ni kikombe cha karatasi. Watoto wengi hukiweka kwenye mboji, na hoja yao ina mantiki: karatasi hutokana na mti, na mti huoza. Usiwakatalie kwa maneno. Loweka kikombe kama hicho ndani ya maji ya uvuguvugu usiku kucha kabla ya siku ya mchezo, na sasa kitoe mbele yao. Chana ukingo wake kwa kucha na uvute taratibu. Karatasi iliyolainika itabanduka vipande vipande, na mkononi utabaki utando mwembamba unaong’aa, ambao ukiunyoosha huvutika kama mfuko. Ni plastiki, na ndiyo inayozuia chai isivuje. Wape wauguse wote, mmoja baada ya mwingine. Baada ya hapo waulize kuhusu pakiti ya maziwa na karatasi inayong’aa ya kufungia zawadi, nao watajibu wenyewe.

Cha pili ni kandambili iliyokatika. Kwa maswali ya lebo, haina kazi tena na haiozi, hivyo inakwenda kwenye kutupa. Lakini pengine mtoto mmoja atasema kuwa kwao kamba hufungwa kwa msumari au waya, na kandambili ikaendelea kuvaliwa, au kwamba kaka yake hutengeneza magurudumu ya gari la kuchezea kwa kandambili kuukuu. Hoja hiyo ni sahihi na ipewe alama. Huu ndio wakati wa kuwaeleza kuhusu Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa vipande vya kandambili, ambalo mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Kitu kilekile kinaweza kuwa taka mahali pasipo na fundi na kuwa mali mahali alipo, na lebo za tenga hazina budi kufuata hali halisi ya mtaa wenu. Amua pamoja na watoto, kisha mliandike jibu mlilokubaliana ili liwe kanuni ya shule.

Cha tatu ni chupa ya maji. Hakuna atakayebisha kuwa ni ya kutumika tena, lakini uliza: itumike na nani? Ipinduliwe chini, na watoto watafute pembetatu yenye tarakimu. Chupa za maji huwa na 1, na madumu magumu mara nyingi huwa na 2. Wengi hudhani pembetatu ni ahadi kwamba chupa itatengenezwa upya. Haiahidi hivyo, inataja aina ya plastiki tu. Chupa hupata maisha mapya pale anapokuwapo mtu wa kuinunua kwa kilo, na katika miji mingi yupo. Kwa hiyo vitu vya tenga hili vigawanywe mafungu mawili: vitakavyotumika hapahapa shuleni na vitakavyouzwa.

Mwisho wa ukaguzi fungua ile ndoo yenye mfuniko, onyesha betri na wembe bila kuvigawa, na ueleze kuwa hivi havina tenga kati ya yale matatu. Mtoto anayevikuta nyumbani hamwachii mdogo wake. Humwita mtu mzima.

Dalili kwamba mchezo umekwenda mrama

Yaangalie matenga kabla ya kuanza ukaguzi, kwa maana yanasema mengi. Tenga la TUPA likiwa na vitu 9 au 10 badala ya 5, watoto hawakusoma maswali, au lebo hazisomeki wakiwa mbioni. Matenga ya timu zote yakiwa na kosa lilelile, tatizo halimo kwa watoto: ama kitu hicho kilihitaji kufundishwa kabla, ama wewe mwenyewe ulikosea jibu. Na kosa likiwa kwa vitu vya mwisho tu, watoto walichoka, na mita 15 zipunguzwe kuwa 10.

Kuna dalili nyingine isiyoonekana kwenye matenga. Mtoto anayefika, akatazama kilichowekwa na aliyemtangulia, kisha akaweka chake hapohapo, anaiga. Ukiwaona wanaofanya hivyo ni wengi, funika kila tenga kwa kipande cha gunia chenye tundu katikati.

Baada ya ukaguzi: kila tenga lifike linakokwenda

Vitu vya mboji vibebwe na watoto hadi kwenye lundo siku hiyohiyo. Lundo linalooza vizuri halipungui mita moja kila upande, maana dogo kuliko hilo halihifadhi joto. Kwa kila ndoo moja ya maganda na mboga mbichi weka ndoo mbili za majani makavu, nyunyiza maji mpaka mchanganyiko uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na uligeuze kila baada ya wiki moja au mbili. Nyama, mifupa na mabaki yenye mafuta visiwekwe, kwani huita panya na mbwa. Baada ya wiki mtoto achomeke kijiti kirefu katikati na kukitoa. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, lundo linafanya kazi. Kikitoka na harufu mbaya, maji yamezidi, hivyo ongeza majani makavu na ugeuze. Kikitoka baridi na kikavu, ongeza maji na mabichi. Katika joto letu mboji huweza kuwa tayari kwa miezi mitatu au minne ikitunzwa.

Vya kutupa vipelekwe panapokusanywa taka za shule na visichomwe moto, kwa sababu moshi wa plastiki una sumu na shimo la kuchomea taka mara nyingi liko karibu na madarasa.

Kwa mzunguko unaofuata, badilisha vitu sita kati ya 18 na uache vile vilivyokosewa zaidi. Kabla ya siku hiyo, chukua mfuko wa wavu wa vitunguu, tia ndani yake ganda la ndizi, kipande cha boksi, kikombe cha karatasi na pakiti ya bisikuti, uzike kwa kina cha sentimita 20 mahali penye unyevu, na uweke alama ya kijiti. Mfukue baada ya wiki sita, na watoto wachague wenyewe, kwa kuangalia kilichobaki ndani ya wavu, vitu vya kuongeza kwenye gunia.